Tovuti inapokata kauli usiku, simu ya mwenyewe ilie

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wa mijini wenye tovuti hupata habari za kuzimika kwake kutoka kwa mteja. Mteja hujaribu kuagiza bidhaa Jumamosi usiku, ukurasa haufunguki, naye huenda kununua kwingine. Akiwa mwungwana, hupiga simu Jumatatu asubuhi kuuliza kama duka limefungwa. Asipokuwa mwungwana, hasemi neno, na mwenye duka hajui kamwe alichokosa.

Hasara ya aina hii haitokani na kuharibika kwa mashine, kwa kuwa mashine zote huharibika. Inatokana na saa zinazopita kati ya kuharibika na kujulikana. Saa hizo zinaweza kupunguzwa hadi dakika chache kwa kuweka programu inayoiuliza tovuti hali yake mara kwa mara na kutuma ujumbe kwenye simu ya mkononi pindi isipojibiwa. Kuiweka programu hiyo si kazi ngumu. Ugumu upo katika kuamua iulize nini, ikae wapi, na ujumbe wake upite njia ipi.

Chukua mfano wa duka la vipuri vya magari lililopo Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Duka hilo lina mashine mbili. Ya kwanza ni seva ya kukodi iliyopo Ulaya, inayobeba tovuti ambayo wateja wa Mbeya na Mwanza huitumia kuagiza vipuri. Ya pili ni seva ndogo iliyowekwa ghalani nyuma ya duka, inayotunza hesabu ya mali iliyopo. Mashine hizi mbili zinahitaji ulinzi, lakini kila moja kwa namna yake.

Kuwa hai si kufanya kazi

Kosa la kwanza linalofanyika mara nyingi ni kuridhika na swali jepesi mno. Kuna amri ya zamani iitwayo ping, ambayo hutuma kifurushi kidogo cha data kwenye mashine na kusubiri kirudi. Kikirudi, watu husema seva ni nzima.

Lakini anayejibu ping ni mfumo mkuu wa uendeshaji wa kompyuta, wala si tovuti. Programu inayotoa kurasa inaweza kuwa imekufa, na hifadhidata yenye oda za wateja ikawa imesimama, huku mashine ikiendelea kujibu ping bila wasiwasi. Ni sawa na kumwita mtu aliyelala akaitika "naam" na kuendelea kulala.

Sababu moja inayozisimamisha tovuti ndogo ni diski kujaa. Faili za kumbukumbu za matukio huongezeka kila siku, na nakala za akiba za kila usiku hurundikana bila mtu wa kuzifuta. Siku nafasi inapokwisha, hifadhidata hushindwa kuandika na husimama. Kwa tovuti iliyojengwa kwa WordPress, mteja huona maneno haya tu: "Error establishing a database connection". Seva ipo hewani, ping inajibiwa, na duka limefungwa.

Kwa hiyo mlinzi hana budi kuuliza kama anavyouliza mteja, yaani kwa kufungua ukurasa wenyewe na kutazama kama una maneno yanayotarajiwa. Katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, swali hilo huulizwa kwa mstari mmoja:

```
curl -fs -m 15 https://www.example.com/oda | grep -q "Oda zako"
```

Anwani iliyopo hapo ni ya mfano tu; kila mtu huweka ya kwake. Amri ya curl hufungua ukurasa. Alama ya -m 15 huiambia isisubiri zaidi ya sekunde 15, na herufi f huiagiza ihesabu kurasa zenye namba za makosa, kama vile 404, 500 au 503, kuwa ni kushindwa. Sehemu ya pili, grep, hutafuta maneno "Oda zako" ndani ya ukurasa uliopatikana. Yakikosekana, jibu ni kwamba tovuti haifanyi kazi, hata kama kuna ukurasa uliofunguka.

Maneno ya kutafuta yachaguliwe kwa uangalifu. Yanayofaa ni yale yanayotoka kwenye hifadhidata na yaliyo karibu na mwisho wa ukurasa, maana kuonekana kwake ni ushahidi kwamba hifadhidata imejibu na ukurasa umefika wote. Jina la duka lililopo juu ya kila ukurasa halifai, kwa sababu linaweza kuonekana hata kwenye ukurasa wa makosa.

Swali hilo hugundua pia tatizo lingine ambalo ping hailioni, nalo ni cheti cha usalama kilichokwisha muda. Cheti kikiisha, kivinjari humtisha mteja kwa onyo zito, na curl nayo hukataa kuendelea. Wanaotumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt hawana budi kulizingatia hili, kwa sababu shirika hilo liliacha kutuma barua pepe za kukumbusha tarehe ya mwisho Juni 2025.

Usiitishe kengele kwa kosa moja

Mstari ule peke yake hautoshi. Unahitaji kuendeshwa kwa ratiba, na kazi hiyo hufanywa na cron, programu ambayo kazi yake ni kuendesha amri kwa saa zilizopangwa. Kwa duka la mfano, ukaguzi kila baada ya dakika tano unatosha.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtandao una mikwaruzo yake ya kawaida: kifurushi kimoja kinapotea, njia inasongamana kwa sekunde 20, kisha mambo yanarudi sawa. Mlinzi anayetuma ujumbe kwa kila kosa moja atamwamsha mwenye duka mara tatu kwa usiku bila sababu. Baada ya wiki mbili mwenye duka ataizima sauti ya ujumbe huo, na siku ya tatizo la kweli hatausikia. Kengele ya uongo hudhuru kuliko kukosa kengele, maana humfanya mtu ajione analindwa ilhali halindwi.

Dawa yake ni kuuliza tena kabla ya kupiga kelele. Mlinzi akikosa jibu, asubiri dakika moja na kuuliza mara ya pili, kisha dakika nyingine na kuuliza mara ya tatu. Akikosa mara zote tatu ndipo atume ujumbe, tena mmoja tu. Hesabu yake ni rahisi. Tovuti ikizimika mara tu baada ya ukaguzi, itapita dakika tano hadi ukaguzi unaofuata, kisha dakika mbili za kuhakikisha. Ukiongeza sekunde 15 za kusubiri katika kila jaribio, mwenye duka atajulishwa kabla ya dakika nane kutimia.

Tuseme diski ya duka la Kariakoo inajaa saa 8:10 usiku wa kuamkia Jumapili. Saa 8:15 mlinzi anakosa maneno "Oda zako". Anauliza tena saa 8:16 na saa 8:17, anakosa, na ujumbe unaondoka. Fundi anaamka, anaingia kwenye seva kwa mbali, anaandika df -h na kuona diski imejaa kwa asilimia 100. Anafuta nakala za akiba za zamani, anaiwasha upya hifadhidata, na saa 8:40 mlinzi anayaona maneno yake.

Wakati huo mlinzi atume ujumbe wa pili, wa kueleza kwamba tovuti imerudi. Ujumbe huu husahauliwa mara nyingi, ingawa ndio unaomwezesha fundi kurudi kulala akijua kazi imekwisha, na ndio unaotunza kumbukumbu ya muda ambao duka lilikuwa limefungwa.

Mlinzi asilale ndani ya nyumba anayoilinda

Swali linalofuata ni mahali pa kumweka mlinzi. Rahisi kuliko yote ni kumweka kwenye seva ileile anayoilinda, na hilo ndilo lisilofaa kabisa. Seva ikizimika, mlinzi huzimika nayo, na maiti haiwezi kutangaza kifo chake.

Mlinzi lazima akae kwenye mashine nyingine, yenye umeme mwingine na njia nyingine ya intaneti. Kompyuta ndogo ya zamani iliyopo dukani inaweza kufanya kazi hiyo. Zipo pia kampuni za kwenye intaneti, kama vile UptimeRobot, zinazouliza kwa niaba ya mteja kutoka nchi mbalimbali, na ipo programu ya bure iitwayo Uptime Kuma kwa anayependa kujiendeshea mwenyewe.

Hata hivyo, mlinzi mmoja huona upande mmoja tu. Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ziliharibika kwa wakati mmoja, na intaneti ikadorora vibaya Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, mlinzi aliyepo Kariakoo angetangaza kwamba seva iliyopo Ulaya imekufa. Mlinzi aliyepo Ulaya angesema ni nzima. Wote wawili wangekuwa wamesema kweli, maana seva ilikuwa inafanya kazi na mteja wa Mbeya alikuwa haifikii.

Tofauti ya majibu yao ndiyo inayomwambia fundi la kufanya. Walinzi wote wawili wakisema imezimika, tatizo lipo kwenye seva, na fundi aingie kazini. Wa nje akisema ni nzima na wa ndani akisema imezimika, tatizo lipo njiani. Kuiwasha upya seva hakutasaidia kitu. Linalobaki ni kuwajulisha wateja na kupokea oda kwa simu.

Mlinzi wa dukani ana udhaifu mwingine. Intaneti ya duka lenyewe ikikatika, ataona kila kitu kimezimika. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuilaumu tovuti, aulize kwanza anwani nyingine kubwa isiyohusiana na duka. Nayo isipojibu, ajue kwamba aliyepotea ni yeye.

Pale ukimya unapokuwa kengele

Seva ndogo ya ghalani ina hali tofauti. Imejificha nyuma ya modemu, na mara nyingi haina anwani yake ya kudumu kwenye intaneti. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kiasi kwamba mtu aliyepo nje hawezi kubisha hodi kwenye kompyuta ya ndani. Mlinzi wa nje hana mlango wa kuulizia.

Ufumbuzi ni kuugeuza utaratibu. Badala ya mlinzi kuiuliza seva, seva yenyewe itume salamu nje kila baada ya dakika tano, na huko nje kuwe na mtu wa kuhesabu. Salamu zikija kwa wakati, hakuna linalosemwa. Zikikoma, kengele inalia. Ni kama mlinzi wa usiku aliyeagizwa kugonga chuma kila saa: mwenye nyumba halali kwa sababu amesikia kelele, bali huamka kwa sababu hakuisikia. Katika treni nyingi utaratibu huo hutumika kwa dereva, ambaye asipotoa ishara kwamba yu macho, breki hujifunga zenyewe.

Miongoni mwa huduma zinazohesabu salamu kwa namna hii ni Healthchecks.io. Mtumiaji hupewa anwani yenye namba yake ya siri, kisha huweka mstari mmoja kwenye ratiba ya cron ya seva:

```
*/5 * * * * /home/duka/kagua.sh && curl -fs -m 10 https://hc-ping.com/NAMBA-YAKO
```

Nyota na namba za mwanzo zina maana ya kila baada ya dakika tano. Kilicho muhimu zaidi ni alama mbili za && zilizopo katikati. Maana yake ni kwamba salamu itumwe endapo tu kazi iliyotangulia imefaulu. Faili la kagua.sh, ambalo fundi huliandika mwenyewe, linaweza kuiuliza hifadhidata ya ghala swali dogo na kutazama kama diski bado ina nafasi. Bila sharti hilo, seva inaweza kuendelea kutuma salamu njema huku hesabu ya mali imekwama, na kosa la ping likawa limerudi kwa mlango wa nyuma.

Kwenye huduma ya nje huwekwa muda wa kuvumilia, tuseme dakika 10 juu ya zile tano. Ukimya ukizidi dakika 15, ujumbe unatumwa. Muda huo ukiwa mfupi mno, kila umeme unapokatika kidogo na modemu kujiwasha upya kutakuwa na kengele. Ukiwa mrefu mno, faida yote inapotea.

Ukimya una upungufu mmoja: hausemi sababu. Huenda umeme umekatika, kifurushi cha intaneti kimekwisha, modemu imeganda au mashine imekufa. Namna ya kutofautisha ni kutazama kinachotokea baadaye. Umeme ukirudi mtaani na salamu zikarudi zenyewe, ilikuwa umeme. Umeme ukirudi na ukimya ukaendelea, fundi atazame kwanza kama kompyuta iliwaka, kwa kuwa nyingi hubaki zimezimwa mpaka mtu abonyeze kitufe. Katika mipangilio ya awali ya kompyuta nyingi, inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, kuna kipengele cha kuiagiza ijiwashe umeme unaporudi. Kikiwekwa, safari nyingi za usiku za kwenda ghalani huepukika.

Njia ya ujumbe nayo inaweza kukatika

Kubuni ujumbe si sawa na kuufikisha. Njia nyepesi ni programu ya simu iitwayo ntfy, ambayo hupokea ujumbe uliotumwa kwa amri moja:

```
curl -d "Tovuti ya duka haijibu tangu saa 8:15" ntfy.sh/duka-k7w2p9x4
```

Jina linalofuata alama ya mkwaju ndilo anwani ya ujumbe, na katika matumizi ya kawaida ndilo ulinzi pekee. Anayelijua anaweza kuusoma ujumbe na hata kutuma wa uongo, kwa hiyo lisiwe jina la kubahatishwa. Aidha, simu nyingi za Android huzizima programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa betri, jambo linaloweza kuuchelewesha ujumbe hadi asubuhi. Programu ya kengele iondolewe kwenye udhibiti huo na iruhusiwe kulia hata simu inapokuwa imewekwa kimya.

Hata hivyo, njia inayotegemea intaneti huanguka pamoja na intaneti. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takriban saa sita, kuanzia jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mawasiliano kati ya vituo vyao, na seva za kampuni zinazotafsiri majina kuwa anwani zikatoweka kwenye intaneti. Zana nyingi ambazo wahandisi wa kampuni hiyo huzitumia kutatua matatizo zilitegemea mtandao uleule, zikazimika nazo. Yeyote aliyekuwa akipokea tahadhari zake kwa WhatsApp pekee jioni hiyo hakupokea chochote.

Ndiyo maana inafaa kuwa na njia ya pili isiyofanana na ya kwanza. Ujumbe mfupi wa maneno wa kawaida humfikia mtu asiye na kifurushi cha intaneti na hata mwenye simu ya kitochi, ingawa mtumaji hulipia kila mmoja. Unaweza kutumwa kupitia kampuni zinazouza huduma ya ujumbe kwa wingi, au kwa modemu yenye laini ya simu iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mlinzi. Njia ya modemu hufanya kazi hata intaneti ya duka inapokuwa imekatika, ili mradi laini ina salio, nalo ni jambo la kukaguliwa kila mwezi.

Ujumbe uwe mfupi lakini useme mambo matatu: kitu gani hakijibu, tangu saa ngapi, na nani aliyeona. "Tovuti ya oda, tangu 8:15 usiku, walinzi wote wawili" humtosha fundi kujua aanzie wapi akiwa bado kitandani. "Kuna tatizo" haimwambii kitu. Kama aliyepokea hajathibitisha ndani ya dakika 15, ujumbe uende kwa mtu wa pili, kwa kuwa simu ya wa kwanza inaweza kuwa imezimika chaji.

Jaribio la mwisho ni la kuzima kwa makusudi. Fundi achague saa isiyo na wateja, aisimamishe hifadhidata, kisha atazame saa hadi simu ilie. Siku nyingine achomoe waya wa umeme wa seva ya ghalani, na siku ya tatu amzime mlinzi mwenyewe. Jaribio hili la tatu ndilo linaloshindwa mara nyingi: hakuna simu inayolia, maana hakuna aliyekuwa akimlinda mlinzi. Hapo ndipo mlinzi naye huwekewa mstari wake wa kutuma salamu kila baada ya dakika tano, kama seva ya ghalani.